Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuielekeza Modeli ya Picha Ichore Rafu ya Supamaketi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wafungashaji wadogo na wasanifu wa Nairobi wanaohitaji kumwonyesha afisa ununuzi wa supamaketi jinsi bidhaa mpya itakavyoonekana rafuni kabla haijafika huko. Mfano unaofuatwa tangu mwanzo hadi mwisho ni boksi la majani ya chai la gramu 250, lenye upana wa sentimita 8, kimo cha sentimita 14 na kina cha sentimita 6. Modeli inayotajwa ni Stable Diffusion XL, akili bandia inayochora picha kutokana na maneno, kwa sababu inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya mtu mwenyewe na sehemu zake za ndani zinajulikana.

Uso wa bidhaa rafuni ni nini, na umekaa sawa lini?

Uso ni kifurushi kimoja kinachoonekana mbele kabisa, kwenye ukingo wa rafu. Maboksi sita yakisimama bega kwa bega, bidhaa hiyo ina nyuso sita, hata kama nyuma ya kila boksi kuna mengine matano. Wapangaji wa rafu huziita fesingi, na hesabu yake huandikwa kwenye planogramu, yaani mchoro unaoonyesha kila bidhaa inakaa rafu ipi, upande upi na kwa nyuso ngapi.

Uso umekaa sawa unapotimiza mambo matatu kwa pamoja: upande wenye jina umemwelekea mnunuzi, boksi limesimama wima bila kugeuzwa kichwa chini, na sehemu yake ya mbele imefika kwenye ukingo wa rafu ikiwa katika mstari mmoja na wenzake. Afisa ununuzi huyatazama haya bila hata kufikiri, kwa kuwa ndiyo anayowadai wapangaji wake kila asubuhi. Picha yenye mwanga wa kupendeza lakini yenye boksi moja lililogeuza ubavu itamfanya aone kwamba aliyeileta haijui rafu.

Nimeandika kwamba nataka maboksi sita, lakini modeli imechora manane. Kwa nini?

Modeli ya aina hii haihesabu. Imejifunza kutokana na picha nyingi zenye maelezo, na maelezo hayo mara chache hutaja idadi kwa usahihi. Mtu aliyeandika maelezo ya picha ya rafu aliandika kwamba ni rafu ya chai, hakuandika kwamba kuna maboksi 14. Kwa hiyo neno la idadi huwa na nguvu kidogo kwa vitu viwili au vitatu, kisha hudhoofika haraka. Ukiomba sita utapata tano, saba au nane, na kubadilisha namba ya mbegu, yaani namba ambayo modeli huanzia nayo kubahatisha, hakutakupa uhakika wowote, ila bahati.

Njia ya kutegemewa ni kuionyesha modeli idadi badala ya kuitamkia. Chora mistatili kwenye programu yoyote ya michoro, mistari myeupe kwenye karatasi nyeusi, kisha uitumie kama mwongozo kupitia nyongeza ya modeli iitwayo ControlNet, ya aina ya Canny, ambayo hufuata kingo za mchoro. Mistatili sita huleta maboksi sita. Nguvu ya mwongozo ikiwa kati ya 0.5 na 0.8 kwa kawaida inatosha: chini ya hapo modeli huanza kuongeza boksi lake la saba, na juu ya hapo picha hukauka na kufanana na mchoro uliopakwa rangi.

Mchoro huo wa mwongozo unapimwaje?

Anza na sentimita za rafu halisi, kisha uzigeuze kuwa pikseli. Tuseme picha ni ya pikseli 1344 kwa 768, ukubwa ambao modeli hii inaumudu vizuri, na tunataka ionyeshe sentimita 96 za rafu. Kila sentimita hupata pikseli 14. Boksi letu la chai basi lina upana wa pikseli 112 na kimo cha pikseli 196. Nyuso sita zinachukua sentimita 48, ambayo ni nusu kamili ya picha, na zinabaki sentimita 24 kila upande kwa majirani.

Kushoto tuweke mikebe mitatu ya kahawa yenye kipenyo cha sentimita 8, na kulia mifuko miwili ya kakao yenye upana wa sentimita 12. Hesabu inafunga bila kubakiza nafasi ya kubahatisha. Kwenda juu, pikseli 768 ni karibu sentimita 55, kwa hiyo rafu moja itaonekana nzima, na vipande vya rafu ya juu na ya chini vitajitokeza kingoni. Nashauri vipande hivyo viachwe bila mistari ya bidhaa, vibaki na ukungu kidogo, kwa sababu kila kitu cha ziada unachokitaja huiondolea modeli umakini kwenye safu unayoihitaji.

Maandishi ya lebo hutoka yamevurugika, tena kila boksi kwa namna yake. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linahitaji kueleweka kwa undani, kwa sababu watu hupoteza muda mwingi wakibadilisha maneno ya maelekezo ilhali tatizo haliko kwenye maneno.

Stable Diffusion XL haichori moja kwa moja kwenye pikseli. Hufanya kazi kwenye picha iliyofinywa, ambamo kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 huwakilishwa na chembe moja, na mwishoni kifumbuzi hurudisha chembe hizo kuwa pikseli. Boksi letu la pikseli 112 lina chembe 14 tu za upana. Kama jina la chai lina herufi tisa na linachukua sehemu kubwa ya upana huo, tuseme pikseli 90, kila herufi inapata pikseli 10, yaani zaidi kidogo ya chembe moja. Ni vigumu sana herufi kuchorwa kwa umbo lake halisi ndani ya chembe moja. Modeli inajua kwamba hapo panafaa kuwe na maandishi, kwa hiyo huweka kitu kinachofanana na maandishi, na kwa kuwa kila boksi huchorwa kwa makadirio yake, mikorogo sita hutofautiana.

Kuikaribia bidhaa husaidia. Ukipunguza picha ibebe nyuso mbili tu, kila herufi hupata chembe tatu au nne na jina fupi linaweza kusomeka. Lakini hapo safu imekwisha kuwa si safu, na majirani hawapo. Modeli mpya zinazoandika vizuri zaidi nazo hupunguza tatizo kwa jina kubwa la mbele, ila uzito, viungo na mstari mdogo wa chini huendelea kuharibika pindi boksi linapokuwa dogo, na tofauti ndogo kati ya boksi na boksi hubaki. Kwa bidhaa ambayo inapaswa kuwa ileile mara sita, tofauti hizo hazikubaliki.

Ushauri wangu hauna masharti: usiiombe modeli iandike lebo yako. Iombe maboksi meupe yasiyo na chochote, yenye kivuli na mwanga sahihi, kisha ubandike mchoro halisi wa lebo uliotoka kwa msanifu wako. Modeli inakupa rafu. Lebo tayari unayo.

Maelekezo yenyewe yaandikweje?

Yawe mafupi na yaende kwa mpangilio: kwanza kamera, pili bidhaa kuu, tatu majirani kutoka kushoto kwenda kulia, mwisho mwanga. Kisoma maneno cha modeli hii kina kikomo cha vipande 77 vya maneno, na viwili kati ya hivyo ni vya kufungulia na kufungia, kwa hiyo aya ndefu hukatwa au hugawanywa na programu, na sehemu ya mwisho hudhoofika. Maelezo ya picha ambayo modeli hii ilifunzwa kwayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Kiingereza, na ndiyo sababu maelekezo huandikwa kwa lugha hiyo. Kwa mfano wetu ingekuwa hivi:

```
straight-on photo of one supermarket shelf, camera level with the shelf,
six identical plain white upright tea boxes side by side in the center,
touching, front panels flush with the shelf edge,
left: three brown cylindrical tins, right: two red paper pouches,
blank packaging, empty price rail, even ceiling light
```

Mstari wa kwanza unaiweka kamera mbele kabisa na kwa kimo kilekile cha rafu. Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani: picha nyingi za supamaketi hupigwa mtu akiwa amesimama kwenye njia, akitazama rafu kwa mshazari, na usipokataza ndiyo picha utakayopewa. Mstari wa tatu unasema maboksi yagusane na yafike ukingoni, na hayo ndiyo maneno yanayoleta nyuso zilizonyooka. Neno la kufanana limo, na idadi imo pia, kwa sababu haikinzani na mchoro wa mwongozo, japo mchoro ndio unaofanya kazi ya kuhesabu.

Kwenye kisanduku cha mambo yasiyotakiwa, andika machache tu: maandishi, nembo, watu, mshazari, boksi lililoanguka. Orodha ndefu hapo haina faida.

Rangi ya jirani imehamia kwenye bidhaa yangu. Nizuieje?

Hilo hutokea kwa kuwa modeli haifungi kila rangi kwa kitu chake kwa uthabiti. Ukitaja mifuko myekundu kando ya maboksi meupe, unaweza kupata maboksi yenye mkanda mwekundu au mikebe ya waridi. Majirani wanaotofautiana kwa umbo huvuja kidogo kuliko wanaotofautiana kwa rangi peke yake, na ndiyo maana tumechagua mikebe ya mviringo upande mmoja na mifuko laini upande wa pili. Ungeweka maboksi mengine ya chai yenye rangi tofauti pande zote mbili, ungepata safu moja ndefu ya maboksi yaliyochanganyika.

Ikiwa rafu halisi inadai maboksi kando ya maboksi, kama ilivyo kwa kawaida kwenye sehemu ya chai, basi chora kwa awamu. Tengeneza kwanza rafu yote ikiwa na maboksi meupe, kisha funika kwa barakoa sehemu ya sentimita 24 za kushoto na uichore upya peke yake ukiwa na maelekezo yanayomhusu jirani huyo tu, na baadaye ufanye hivyo kulia. Barakoa iishie kwenye mpaka kati ya boksi lako na la jirani, isiingie ndani ya bidhaa yako, la sivyo ukingo wa boksi la mwisho utachorwa upya na hautalingana na wenzake watano.

Majirani wasiwe wa ovyo. Kando ya chai kunakaa kahawa, kakao au chai nyingine. Sabuni ya kufulia haikai hapo. Modeli haina habari na hilo, nayo itaweka chupa ya kitu kisichojulikana kwa sababu tu rangi zinapendeza.

Nitajuaje kwamba nyuso zimekaa sawa, wakati maboksi hayana maandishi bado?

Tazama mbavu za maboksi. Kamera ikiwa mbele katikati na maboksi yakiwa yamegusana, ubavu wa boksi lolote la katikati ya safu hauwezi kuonekana, kwa kuwa umezibwa na jirani yake. Ukiona ukanda mwembamba wa kivuli upande wa kulia wa boksi la pili na upande wa kushoto wa boksi la tano, modeli imelichora kila boksi kana kwamba limesimama peke yake, bila jirani wa kulizibia ubavu. Kosa hili hupita kirahisi kwa sababu kila boksi likitazamwa pekee linaonekana sawa. Ni safu yote ndiyo isiyowezekana.

Kisha tazama vifuniko. Kamera iliyo sambamba na rafu haioni sehemu ya juu ya boksi lolote. Iliyo juu kidogo huona sehemu ya juu ya kila boksi, na kwa kipimo kinachokaribiana. Boksi moja linaloonyesha kifuniko huku jirani yake halionyeshi limeinama au limechorwa kutoka kwenye picha nyingine kabisa.

Tatu, weka mstari ulionyooka kwenye programu ya picha, uupitishe kwenye kingo za chini za mbele za maboksi yote sita. Zikipishana kwa pikseli moja au mbili ni hali ya kawaida ya dukani. Zikipishana kwa pikseli 10 na zaidi, kuna boksi lililorudi nyuma au linaloelea.

Mikebe ina kanuni yake, na hapa ndipo hata wasanifu wazoefu hukosea. Mkebe uliopangwa sawasawa huitazamisha lebo yake mbele moja kwa moja, si kwa kamera. Kamera ikiwa umbali wa mita 1.5 mbele ya katikati ya rafu, mkebe wa kahawa wa mwisho kushoto, ambao kitovu chake kiko sentimita 44 kutoka katikati, utaonekana kutoka ubavuni kidogo, na jina lake litaonekana limesogea kuelekea nje kwa sentimita 1 hivi. Mikebe yote ikionyesha jina katikati kabisa, jicho huhisi kwamba kuna kitu hakijakaa vizuri hata mtazamaji asipoweza kukitaja. Ukibandika lebo kwenye mikebe, isogeze.

Rafu ikichorwa kwa mshazari, kipimo hubadilika: ubavu ukionekana uwe wa boksi lililo karibu zaidi na kamera tu, na nyuso zipungue upana hatua kwa hatua kadiri zinavyokwenda mbali. Binafsi naepuka mshazari kwa picha ya kumwonyesha mnunuzi, kwa kuwa nyuso za mbali hazisomeki na hesabu huwa ngumu kuthibitisha.

Lebo inabandikwaje ili isionekane kama stika?

Weka mchoro wa lebo kwenye tabaka la juu ndani ya GIMP, Photoshop au Photopea, uvute pembe zake nne zikae kwenye pembe nne za boksi, kisha ubadilishe namna ya kuchanganya tabaka iwe `Multiply`. Namna hiyo huacha vivuli vya boksi jeupe vipite kwenye lebo, na ndiyo faida ya kuomba maboksi meupe tangu mwanzo. Boksi la kijivu lingeifanya lebo yote iwe na giza.

Rudia kwa kila boksi ukivuta pembe upya, usinakili tabaka lililokwisha kuvutwa, kwa sababu kila boksi limekaa tofauti kidogo. Nakala sita zisizotofautiana hata kwa pikseli moja hufichua ubandikaji mara moja. Bidhaa ni ileile, lakini mikono iliyoipanga haikuwa mashine, kwa hiyo acha boksi moja liinamie upande kwa nusu nyuzi na jingine liwe na mwanga uliopungua kidogo. Mwisho, ongeza chembechembe hafifu kwenye picha nzima, ili lebo iliyo safi mno ifanane na rafu inayoizunguka.

Fanya kazi hii baada ya kuikuza picha mara mbili. Kwenye pikseli 112 maandishi madogo ya lebo halisi hayatasomeka vizuri. Kwenye 224 jina na uzito vitasomeka.

Vibandiko vya bei viwekwe vipi?

Kibandiko ni kimoja kwa kila bidhaa, si kimoja kwa kila uso, na mara nyingi hukaa chini ya uso wa kwanza kushoto. Modeli hupenda kuweka kimoja chini ya kila boksi, tena chenye tarakimu zisizosomeka, na ndiyo sababu tumeomba reli tupu. Andika bei mwenyewe, kwa shilingi, na tu kama imekubaliwa. Vinginevyo acha kibandiko kitupu.

Je, rafu ijae kabisa?

Kwa mnunuzi wa supamaketi, ndiyo. Pengo kwenye picha ya mapendekezo huzua swali la ugavi ambalo hukutaka kuulizwa.

Nataka kuonyesha duka la mtaa, si supamaketi. Maelekezo yaleyale yatafaa?

Hayatafaa. Katika maduka mengi ya mitaa ya Nairobi mnunuzi husimama nje ya wavu wa chuma, bidhaa ziko nyuma ya muuzaji, na rafu ni za mbao zisizo na reli ya bei. Vipimo vya kadogo vya chai huning'inizwa kwa mikanda, na bidhaa moja ikipata nyuso mbili au tatu imebahatika. Ukiandika tu kwamba ni duka dogo la Afrika, modeli huleta kibanda cha soko chenye mboga. Eleza vitu vyenyewe: wavu mbele, rafu za mbao za kina kifupi, mikanda ya pakiti ndogo, taa moja ya juu. Mchoro wa mwongozo uwe na mistatili miwili au mitatu ya bidhaa yako, na majirani wengi zaidi, kila mmoja kwa uso mmoja. Wavu uuongeze mwishoni kama tabaka, baada ya lebo kubandikwa, kwa sababu modeli ikiuchora mapema huukatiza juu ya bidhaa, na barakoa zako zote zitalazimika kuuzunguka.

Naweza kuweka chapa halisi za washindani kama majirani?

Nashauri usifanye hivyo. Alama za biashara zinalindwa nchini Kenya chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na modeli huzichora kwa kuzipotosha, kwa hiyo utakuwa umetumia nembo ya mwingine na pia umeiharibu. Mkebe wa kahawia usio na jina unatosha kuonyesha kwamba hapo ni mahali pa kahawa.

Alama ya ubora ya KEBS nayo isichorwe na modeli wala isibandikwe kwenye lebo ya mfano kama bidhaa haijapata kibali, kwa kuwa alama hiyo huambatana na kibali cha bidhaa mahususi. Na picha hii ikitoka nje ya kikao cha mapendekezo, kwa mfano ikiwekwa kwenye ukurasa wa matangazo, iandikwe waziwazi kwamba ni mchoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na picha inayodai kwamba chai yako iko kwenye rafu ambayo haijawahi kuikubali ni dai kama madai mengine. Maandishi hayo yakae ndani ya picha yenyewe, kwenye kona ya chini, kwa sababu maelezo yaliyo chini ya picha hupotea mara ya kwanza inapotumwa kwa WhatsApp.